Kipeperushi cha Warsha ya Likizo na Mambo Anayoyatafuta Mzazi

Kipeperushi cha warsha ya likizo ni karatasi moja, aghalabu nusu ya A4, inayomjulisha mzazi kwamba kwa siku fulani na saa fulani mtoto wake anaweza kupelekwa mahali akafanya kazi ya mikono, sanaa au mchezo chini ya macho ya watu wazima. Mzazi huisoma akiwa amesimama dukani, langoni mwa shule au akiwa na simu mkononi ndani ya matatu. Huisoma huku akipiga hesabu: huyu mtoto ana umri unaotakiwa, saa hizo nitakuwa wapi, pesa ni ngapi, na nitamwacha na nani. Kipeperushi kinachojibu maswali hayo manne humfanya mzazi aamue. Kinachoyaruka humfanya akiweke mfukoni akakisahau.

Nchini Kenya shule hufungwa mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Likizo ya Agosti ni fupi, kama wiki tatu hivi, na katika wiki hizo wazazi wengi wako kazini kama kawaida. Mtoto aliyemaliza kazi za nyumbani asubuhi hubaki na televisheni, simu ya dada yake au barabara. Kumrudisha darasani si njia: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo katika kifungu chake cha 37. Warsha ya kazi ya mikono haimo katika marufuku hiyo, na kipeperushi chake hufanya vyema kikikaa mbali na ahadi za kupandisha alama za mtihani. Mzazi anayetafuta alama atavunjika moyo, na anayetafuta mapumziko ya mtoto atakipita.

Warsha ya kutengeneza tiara katika Mji wa Kale wa Mombasa, siku tano za Agosti, inafaa kuwa mfano wa kupitia hatua kwa hatua. Agosti ni msimu wa kusi, upepo unaovuma pwani ya Afrika Mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Tiara iliyotengenezwa ukumbini Jumatatu itapata upepo wa kuirusha Alhamisi. Vifaa vyake ni rahisi na vinapatikana mjini: chelewa, yaani zile njiti za ufagio wa makuti, karatasi nyepesi ya rangi, uzi wa pamba na gundi ya unga wa ngano iliyopikwa jikoni.

Kabla ya kuandika neno lolote, waandaaji huhitaji kujua watoto watafanya nini kila siku, kwa kuwa umri, saa na ada vyote hutokana na kazi yenyewe. Jumatatu watoto huchagua chelewa na kuziandaa. Kila njiti ya kukingama huwekwa juu ya kidole pale katikati yake. Ikiinama upande mmoja, upande huo ni mzito na hukwanguliwa kidogo kidogo mpaka njiti itulie. Hatua hii huchukua karibu asubuhi nzima na mtoto mwenye pupa huiruka, lakini tiara yenye njiti isiyo na mizani huzunguka upande mmoja hewani na kuanguka. Jumanne hubandikwa karatasi. Jumatano hufungwa nyuzi za kifuani na mkia, na tiara hujaribiwa uwanjani kwa mbio fupi. Ikizunguka, mkia huongezwa urefu. Ikishindwa kupanda kwa uzito, mkia hupunguzwa. Alhamisi ni siku ya kurusha. Ijumaa zilizochanika hutiwa viraka, na wazazi hualikwa kuja kuona.

Kazi hii ndiyo inayoweka umri. Mtoto wa miaka sita bado anahangaika na fundo, na mkasi wenye ncha haumfai. Atakaa akingoja mtu mzima amfanyie, na tiara itakuwa ya mtu mzima. Kijana wa miaka kumi na minne ataimaliza kazi ya siku tano kwa siku mbili. Miaka 9 hadi 12 inafaa, na kipeperushi kinapaswa kuitaja kwa tarakimu karibu kabisa na kichwa cha habari. Maneno kama “watoto wote wanakaribishwa” huonekana ya ukarimu, kumbe humwachia mzazi kazi ya kubahatisha. Mwenye mtoto wa miaka mitano atamleta, na mwenye mtoto wa miaka kumi na mmoja atadhani ni mambo ya watoto wadogo.

Umri huongoza pia idadi ya wasimamizi. NSPCC, shirika la Uingereza la kulinda watoto, hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi sita wa miaka 4 hadi 8, na mmoja kwa watoto wanane wa miaka 9 hadi 12. Kwa watoto ishirini wa rika hilo la pili wanahitajika watu wazima watatu. Idadi hii iandikwe kwenye kipeperushi. Mzazi anayesoma “nafasi 20, wasimamizi watatu” anaelewa kwamba msimamizi mmoja akimpeleka mtoto msalani bado wako wawili ukumbini. Anayesoma “nafasi chache” haelewi chochote.

Saa ndizo zinazovuruga mipango kuliko kitu kingine. Kipeperushi kilichoandikwa “9:00–12:30” husomwa na mmoja kuwa saa tatu asubuhi, na mwingine, hasa nyanya aliyeachiwa mtoto, huweza kusoma saa tisa na kumleta alasiri, ukumbi ukiwa umefungwa. Dawa yake ni kuandika saa za Kiswahili pamoja na wakati wa siku: saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana. Mji wa Kale una mambo yake mengine mawili. Watoto wengi huenda chuoni, na mzazi anataka kuona kwa jicho moja kama saa za warsha zinagongana na saa za Kurani. Ijumaa nayo lazima imalizike mapema ili wanaoswali wawahi msikitini, hivyo siku hiyo mwisho ni saa tano na nusu. Jambo hilo likiachwa bila kutajwa, Ijumaa saa tano na nusu watoto watasimama mlangoni wakingoja wazazi watakaofika saa moja baadaye.

Tarehe huandikwa pamoja na jina la siku na mwaka. Jina la siku humwezesha msomaji kugundua kosa la uchapaji, kwa kuwa Jumatatu isiyolingana na tarehe yake hujifichua yenyewe. Mwaka una sababu nyingine. Picha ya kipeperushi ikishaingia katika makundi ya WhatsApp huendelea kutembea, na Agosti inayofuata mtu ataituma tena kwa nia njema. Pasipo mwaka, wazazi watapiga simu kuulizia warsha iliyokwisha.

Kuhusu ada, mzazi haulizi tu ni shilingi ngapi. Anauliza kama ndiyo hiyo tu. Kwa mfano huu, tuseme ukumbi unakodiwa shilingi 2,000 kwa siku, wakufunzi wawili hulipwa 1,500 kila mmoja kwa siku, msaidizi 800, na uchapaji wa vipeperushi na fomu ni 2,000. Kwa siku tano gharama hizo zinafika shilingi 31,000, wakija watoto watano au ishirini. Juu yake kila mtoto anahitaji vifaa vya shilingi 200 na kitafunio cha shilingi 60 kwa siku, jumla shilingi 500. Ada ikiwa 2,500, kila mtoto anabakisha 2,000 za kufidia zile 31,000, kwa hiyo watoto 15 hawatoshi na 16 wanatosha. Lakini waandaaji wengi hupenda kumpunguzia mzazi mwenye watoto wawili, mtoto wa pili alipe 2,000. Watoto 16 wakiwa na ndugu watatu miongoni mwao, hesabu inaingia hasara ya shilingi mia tano. Ndiyo maana inafaa kuweka kiwango cha chini cha watoto 17, ambacho kinahimili hata ndugu sita.

Hesabu hiyo haichapishwi, ila matokeo yake huchapishwa: ada kamili, vilivyomo ndani yake, idadi ya chini, na siku ambayo ada itarudishwa watoto wasipofika idadi hiyo. Neno “kuanzia” mbele ya ada huzaa shaka mara moja. Kitafunio na vifaa vitajwe kuwa vimo, maana mzazi aliyewahi kulipa ada kisha akaombwa pesa za karatasi Jumanne hatarudi. Kwa anayelipa kwa M-Pesa, kipeperushi kinataja namba ya kulipia pamoja na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Majina hayo mawili yakitofautiana, mzazi asite, na ana haki ya kusita.

Swali la mtoto kuachwa na nani hujibiwa kwa majina. Kipeperushi kinapaswa kutaja mtu anayehusika na warsha, kikundi chake na namba ya simu inayopokelewa. Kule Kenya mzazi anaweza pia kuuliza kama wakufunzi wana cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na idara ya upelelezi wa jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen. Cheti hicho kina mpaka wake. Kinaonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu, na mtu ambaye hajawahi kushtakiwa atakipata. Kwa hiyo hakichukui nafasi ya kanuni ya mtoto kutobaki peke yake na mtu mzima mmoja chumbani, wala ya kumkabidhi mtoto kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu pekee. Kanuni hizi mbili zinatosha mstari mmoja kwenye kipeperushi, na mstari huo huwatuliza wazazi kuliko picha tatu za watoto wanaocheka.

Picha nazo zina sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na picha inayomtambulisha mtoto ni mojawapo ya taarifa hizo. Mwandaaji anayetumia picha za warsha ya mwaka uliopita anapaswa kuwa na idhini za wazazi wa watoto wanaoonekana. Kwa kipeperushi cha tiara njia nyepesi zaidi, na nzuri zaidi kwa macho, ni kupiga picha ya mikono ya mtoto ikifunga uzi kwenye chelewa. Inaonyesha kazi yenyewe bila uso wa mtu. Picha zilizopakuliwa mtandaoni, za watoto wa nchi nyingine katika ukumbi usiofanana na wowote wa Mombasa, humwambia mzazi kwamba aliyeandika hana cha kuonyesha.

Afya ya mtoto huingia kwenye fomu ya kujiandikisha, ingawa kipeperushi hudokeza. Gundi ya warsha hii ni unga wa ngano, na kitafunio chake huenda kikawa mahamri. Mtoto mwenye mzio wa ngano anaguswa na vyote viwili, na waandaaji wakijua mapema watapika gundi ya wanga wa muhogo na kuandaa ndizi. Mstari wa “tujulisheni mizio ya mtoto wakati wa kujiandikisha” unatosha. Hatari nyingine za kazi hii zinajulikana: nyaya za umeme, barabara, na mshipi wa nailoni unaokata vidole. Uzi wa pamba na uwanja usio na nyaya huondoa sehemu kubwa ya hatari hizo, na uwanja huo utajwe kwa jina pamoja na namna watoto watakavyofikishwa.

Yote hayo yakiwekwa pamoja, maneno ya kipeperushi yanakuwa hivi:

WARSHA YA TIARA, MIAKA 9 HADI 12
Tengeneza tiara yako, irushe, nenda nayo nyumbani.

Jumatatu 10 hadi Ijumaa 14 Agosti 2026
Saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana. Ijumaa mwisho ni saa tano na nusu.
Ukumbi: (jina la ukumbi, mtaa, na alama ya karibu inayojulikana)

Ada: shilingi 2,500 kwa siku zote tano. Vifaa na kitafunio vimo. Ndugu wa pili: shilingi 2,000.
Nafasi 20, wasimamizi watatu. Mtoto atakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu pekee.
Mtoto aje na kofia na chupa ya maji. Tujulisheni mizio ya mtoto wakati wa kujiandikisha.
Kurusha ni Alhamisi, uwanja wa (jina), watoto watakwenda pamoja na wasimamizi wote watatu. Mvua ikinyesha, kurusha kutakuwa Ijumaa asubuhi.

Mwisho wa kujiandikisha: Alhamisi 6 Agosti. Wasipofika watoto 17, ada yote itarudishwa kufikia Jumamosi 8 Agosti.
Mhusika: (jina na simu). M-Pesa: (namba ya kulipia na jina litakalotokea)

Maneno haya ni kama mia na arobaini, na ndiyo kiasi ambacho nusu ya A4 hubeba bila herufi kuwa ndogo. Kichwa na umri huchukua herufi kubwa zaidi, kisha tarehe na saa, kisha ada. Maelezo ya ubunifu, kujiamini na vipaji hayakuingia, na hayakuacha pengo. Mstari wa pili umeshamwambia mzazi mtoto atarudi na nini nyumbani, na hilo anaweza kulithibitisha Ijumaa kwa macho yake. Mstari wa mvua huonekana mdogo, lakini Agosti hunyesha manyunyu pwani, na bila mstari huo simu ya mhusika haitapumzika Alhamisi asubuhi.

Kabla ya kuchapa, inafaa kumpa mtu asiyehusika asome kwa nusu dakika, kisha aulizwe bila kutazama: ni kwa watoto wa umri gani, ni lini, ni saa ngapi, ni pesa ngapi. Akikosea moja, tatizo liko kwenye mpangilio, mara nyingi kwa sababu jambo hilo limezikwa katikati ya aya. Baada ya hapo karatasi hujaribiwa kwenye mashine ya fotokopi. Vipeperushi vingi vya mtaani huishia kutolewa nakala nyeusi na nyeupe, na maandishi ya manjano yanayopendeza kwenye kompyuta hupotea kabisa hapo, huku maandishi meupe juu ya picha yakigeuka madoa. Wino mweusi juu ya karatasi ya rangi hafifu hustahimili yote. Vipeperushi viwili huwekwa kwenye A4 moja na kukatwa katikati, na gharama hupungua nusu.

Kwa simu mambo ni tofauti kidogo. Picha ikipitia WhatsApp hubanwa, na herufi ndogo huwa ukungu. Tena namba ya simu iliyomo ndani ya picha haibonyezeki, na mzazi anayetaka kupiga simu hulazimika kuitafutia kalamu. Hivyo picha hutumwa pamoja na maneno yake yaleyale chini yake, yakiwa maandishi ya kawaida anayoweza kunakili au kumtumia mwenzake wa nyumbani.

Wakati wa kusambaza huamuliwa na mifuko ya wazazi. Muhula ukifungwa Ijumaa tarehe 31 Julai na warsha ikianza tarehe 10, kipeperushi kinachotoka Agosti humkuta mzazi ameshagawa mshahara na pengine ameshampeleka mtoto kwa nyanya yake mashambani. Kikitoka kuanzia Jumatatu tarehe 13 Julai, mzazi ana wiki mbili za kufikiri kabla ya mshahara kuingia. Mahali pazuri ni pale wazazi wanaposimama kwa muda: dukani kwa sare na madaftari, ubao wa matangazo wa msikiti au kanisa, kinyozi, na shuleni siku ya kuchukua ripoti, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Kugawia watoto langoni kuna hasara yake, kwani karatasi nyingi hugeuzwa ndege za karatasi kabla ya kufika nyumbani.

Kipeperushi kikianza kufanya kazi, maswali ya wapigaji simu huonyesha upungufu wake. Wazazi watatu wakiuliza jambo lilelile, basi jambo hilo halipo au halionekani, na nakala zinazofuata zirekebishwe. Nafasi ya ishirini ikijazwa, picha mpya yenye maneno “nafasi zimejaa” hutumwa katika makundi yaleyale, karatasi za ukutani huandikwa hivyo kwa kalamu nene, na majina ya wanaoendelea kupiga simu huwekwa kwenye orodha ya akiba, ili mtoto mmoja akijiondoa Jumapili usiku mwingine aitwe kabla ya saa tatu asubuhi ya Jumatatu.